Ukuta wa fundi simu Sinza: kutoka maneno ishirini na tisa hadi nane

Maneno yaliyokuwa kwenye karatasi aliyonipa fundi ili nimpangie tangazo la ukutani yalisomeka hivi: "Karibu sana wateja wetu. Tunatengeneza simu aina zote kwa bei nafuu. Kuflashi, kutoa loki, kubadilisha vioo na betri. Tunauza kava, chaja na protekta. Fundi mzoefu na mwaminifu. Mungu kwanza." Chini yake namba mbili za simu. Alitaka yote yapigwe kwenye ukuta mmoja, na chini ya namba ichorwe simu yenye alama ya X nyekundu.

Ukuta wenyewe uko Sinza, kandokando ya Barabara ya Shekilango, kwenye fremu ya kona. Upande unaotazama barabara kubwa hauna dirisha wala mlango. Ni ukuta mtupu wa upana wa meta 3.2 na kimo cha meta 2.6. Dirisha la kazi liko upande wa pili, kwenye kauchochoro kanakoingia mtaani. Kwa hiyo anayepita barabarani haoni meza ya fundi, haoni taa yake ya kukuzia, haoni kitu chochote cha kumwambia humo ndani kuna nini. Ukuta ndio mdomo pekee wa biashara.

Nilipima kutoka ukutani hadi njia ya waenda kwa miguu upande wa pili: meta 24 hivi. Kipimo hicho ndicho kilichoamua karibu kila kitu kilichofuata, kwa sababu jicho lina kikomo chake. Kanuni inayotumika katika kazi ya mabango ni kwamba kila meta 3 za umbali zinahitaji walau sentimita 2.5 za kimo cha herufi ili mtu asome bila kukaza macho. Kwa meta 24 inakuja sentimita 20. Hapo ni kwa mtu aliyesimama, anayetazama ukuta uso kwa uso, mchana, kwa herufi nene zilizopishana vizuri na rangi ya nyuma. Shekilango hakuna mtu wa namna hiyo. Mtu yuko kwenye daladala, au anatembea akiukaribia ukuta kwa pembeni, na herufi ikitazamwa kwa ubavu inaonekana imebanwa. Kwa neno kuu nikaongeza nusu yake: sentimita 30.

Sasa chukua karatasi ya fundi uiweke kwenye hesabu hiyo. Maneno yake ni ishirini na tisa hata kabla hujaandika namba. Kwa ukuta ule, yangeenea tu kama herufi zingekuwa za sentimita 7 au 8, ambazo mtu anazisoma vizuri kutoka meta 9. Meta 9 kutoka ukutani ni katikati ya magari. Yaani tangazo lingesomeka vizuri na watu wasioweza kusimama kulisoma.

Nikamwambia kwamba ukuta huu una nafasi ya neno moja kubwa, la pili la kati na sentensi moja fupi. Akauliza, "Sasa kaka, yaliyobaki yanaenda wapi?" Nikamjibu yanaenda dirishani, kule kwenye kauchochoro, mahali ambapo mtu ameshafika na anasoma akiwa hatua mbili tu kutoka kwako.

Neno kubwa halikutusumbua sana, ingawa mwanzoni alitaka jina la biashara yake, la Kiingereza, liwe juu. Jina hilo linajulikana na yeye, mke wake na mwenye fremu. Mtu ambaye simu imemponyoka mkononi akishuka kwenye bajaji anauliza kitu kimoja: "Hapa fundi simu yuko wapi?" Akiona ukutani maneno yaleyale aliyotoka kuyatamka, kazi imekwisha. Halafu lazima liwe FUNDI SIMU kwa ukamilifu wake, kwani SIMU peke yake kwenye ukuta wa Dar inaweza kuwa duka la simu, wakala wa kutuma na kutoa fedha, vocha, au kava. Jirani yake wa kushoto ni wakala, na ukuta wake wote umepakwa rangi nyekundu ya mtandao. FUNDI ndilo linalomtenga, na ndilo linalotangulia.

Kwa herufi za sentimita 30 nilihesabu hivi: herufi ya kawaida upana wa sentimita 20, M sentimita 25, I sentimita 5 ambazo ni unene wa mstari wenyewe, nafasi kati ya herufi sentimita 6, na kati ya maneno mawili sentimita 18. Jumla inakuja meta 2.15. Ukuta ni meta 3.2, kwa hiyo inabaki zaidi ya meta moja. Mchoraji, mzee ambaye ameandika kuta nyingi za Manzese na Magomeni, alishauri tuzitanue herufi zijaze ukuta. Nilimkatalia kwa heshima, kwa sababu nafasi ile ilikuwa na kazi nyingine. Mlango uko kona. Mtu akisoma FUNDI SIMU halafu akakuta ukuta usio na dirisha, ataangalia kushoto, atamwona wakala, ataenda kwa wakala. Mshale mnene wa sentimita 45 ukakaa kulia mwa maneno, ukielekeza kwenye kauchochoro. Maneno, upenyo na mshale vikawa meta 2.8, pande zote mbili zikabaki sentimita 20 za kupumulia.

Picha ya simu ikafia hapo, kwa kukosa nafasi, na sikuililia. Tulikuwa tumeijaribu. Mzee aliichora kwa chaki, nikavuka barabara nikawauliza vijana wa bodaboda, "Pale wanafanya nini?" Wa kwanza alisema wanauza simu. Ndivyo inavyokuwa: simu nzima iliyochorwa ukutani inasema duka, na nyufa nyembamba za kioo hazionekani kutoka meta 24. Ukitaka nyufa zionekane, uzichore tatu tu, kila moja nene kama kidole gumba mara mbili, na hapo inaanza kufanana na kitu kingine kabisa.

Na ile X nyekundu ilikuwa mbaya zaidi. Kwa mkazi wa Dar, X nyekundu ukutani ina maana moja: jengo limo kwenye hifadhi ya barabara na linasubiri kubomolewa. Waliopita Morogoro Road mwaka 2017, wakati nyumba za Kimara kuelekea Kiluvya zinaangushwa, hawahitaji kukumbushwa. Fundi alicheka nilipomwambia, kisha akanyamaza, kisha akasema mama mwenye fremu angemfukuza siku hiyohiyo.

Mstari wa pili ndio uliotuchosha. Kusudi lake ni kumwambia mtu tatizo lake linatibika hapa, kwa maneno machache na kwa herufi za sentimita 20, kile kiwango cha chini kabisa cha kusomeka ng'ambo. "Aina zote" halisaidii, maana kila fundi ameandika aina zote. Nembo za kampuni za simu nazo nilizikataa: ni ndogo, zinakula nafasi, si mali yake, na mwenye simu ya kampuni ambayo haimo anapita moja kwa moja.

Tukaandika kwa chaki KIOO, BETRI, CHAJI. Ni kazi zinazoingia mezani kwake kila siku, na mstari mzima ulikuwa meta 2.25. Nikavuka tena. Mama anayeuza mihogo ya kukaanga upande ule alitazama akasema, "Ah, wanachajisha simu hapo." Alikuwa sahihi kabisa. CHAJI likisimama peke yake ni huduma ya kuchajisha, au ni chaja zinauzwa. Haliwi simu isiyoingiza chaji mpaka useme hivyo. Ukiandika HAIINGIZI CHAJI kwa herufi za sentimita 20, mstari mzima unafika meta 3.49 na ukuta unakwisha kabla ya maneno. Fundi akapendekeza MAJI badala yake, kwa simu zilizoingia maji. Hebu fikiria mtu anayepita na kiu saa nane mchana akaona MAJI kwenye ukuta wa Sinza.

Tukamaliza na KIOO, BETRI, SPIKA. SPIKA lina upana uleule wa CHAJI, kwa hiyo vipimo havikubadilika, na hakuna anayelielewa vinginevyo likikaa chini ya FUNDI SIMU. Tatizo la chaji lilihamia dirishani likiwa sentensi kamili: "Haiingizi chaji? Tunatengeneza." Mahali pale lina nafasi ya kueleweka.

Kuflashi na kutoa loki havikwenda ukutani wala dirishani, na hapa tulibishana. Kwake ni kazi halali: mtu amesahau namba yake ya siri, analeta simu na risiti. Hoja yangu ilikuwa ni nani anayelisoma neno hilo na anafikiri nini. Mwenye kioo kilichopasuka akiona KUTOA LOKI kwa herufi kubwa anajiuliza simu zinazoletwa hapa zinatoka wapi, na kama yake itakuwa salama jioni. Mwenye simu ya wizi akiliona, anajua pa kuingia. Kwa upande wa sheria, ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inafanya kubadilisha namba ya IMEI kuwa kosa, na watu bado wanakumbuka Juni 2016 simu bandia zilipozimwa nchi nzima. Kutoa loki si kubadilisha IMEI, lakini mpita njia hachambui hivyo. Yeye anasikia harufu. Fundi akakubali kwamba anayehitaji huduma hiyo ataiuliza dirishani.

Kwenye mstari wa tatu ndiko uaminifu ulipotakiwa kukaa. Fundi alilipenda sana "fundi mwaminifu". Tatizo lake ni kwamba tapeli naye anaweza kuliandika, kwa rangi ileile na brashi ileile, na hakuna kitakachomkamata. Maneno ya kuaminika ukutani ni yale ambayo mteja anaweza kuyahakiki akiwa amesimama pale pale, na ambayo fundi akiyavunja anaonekana.

Chaguo la kwanza lilikuwa HAIJAPONA, HULIPI. Ni tamu, inasomeka, na mtaani inaeleweka papo hapo. Nikamuuliza kuhusu simu zilizoingia maji. Akaeleza kwamba anaifungua, anaisafisha bodi, inawaka, mteja anaondoka anashukuru, na baada ya wiki kutu inamaliza kazi yake na simu inazima moja kwa moja. Je, huyo imepona au haijapona? Anarudi na kusimama chini ya maneno yako, anayasoma kwa sauti mbele ya wateja wengine. Ahadi ya ukutani hainyamazi kama ya mdomoni. Tukaiacha.

La pili lilikuwa waranti ya miezi mitatu kwa kioo. Hapo mnyororo unakatikia Kariakoo. Vioo anavinunua huko, maeneo ya Aggrey, na utaratibu wa wauzaji wake ni kwamba unakijaribu kioo kabla ya kubandua plastiki ya juu. Ukishabandua na kukigundisha, hakirudi dukani. Akitoa waranti, hasara ni yake mwenyewe. Anaweza kumwahidi mteja mmoja mmoja, kulingana na daraja la kioo alichochagua, lakini si ukuta mzima uwaahidi wote.

Kisha nikamuuliza watu wanaogopa nini hasa wanapompa simu. Hakuchukua muda. "Wanaogopa nitawatolea vitu vya ndani niwawekee vya kuchakachua." Nikamwuliza yeye anafanyia kazi wapi. Dirishani, akasema, mteja akitaka anasimama hapo mpaka mwisho. Basi ahadi ilikuwa tayari inatekelezwa kila siku bila kuandikwa: TUNAIFUNGUA MBELE YAKO.

Niliyapenda maneno hayo kwa sababu ya mpaka wake. Hayasemi simu itapona. Hayasemi itakwisha leo. Kazi ngumu za bodi anazipeleka kwa fundi mwenzake mwenye hadubini, na kama tungeandika TUNATENGENEZA MBELE YAKO, angekuwa mwongo kila anapopanda daladala na simu ya mtu mfukoni. Kufungua ndiko kunakotisha, na kufungua kunafanyika mbele ya mteja hata kama simu itasafiri baadaye. Siku ya kusafiri anabonyeza *#06#, anaandika IMEI kwenye daftari, mteja anaipiga picha au anaondoka na karatasi. Kama simu haiwaki kabisa, namba inanakiliwa kutoka kwenye boksi au kwenye lebo ya ndani ikiwepo. Utaratibu huo nao ukaandikwa dirishani, kwa herufi ndogo.

Mstari huu ni wa sentimita 10, upana wa meta 1.75 hivi. Kutoka ng'ambo hausomeki vizuri, na hatukutaka usomeke. Ni wa mtu aliyekwisha kuvuka nusu, au anayepita upande wetu, ambaye ameshajua pana fundi na sasa anaamua kama amwamini.

Namba za simu zilishuka kabisa kutoka ukuta mkubwa. Mteja wa fundi simu ni mtu ambaye simu yake imekufa; hawezi kupiga na hawezi hata kuisevu. Namba inahitajika baadaye, kuuliza kama kazi imekwisha, na wakati huo mtu yuko dirishani. Ikaandikwa moja tu, herufi za sentimita 5, usawa wa macho, ikikatwa kwa mafungu ya nne, tatu na tatu kama watu wanavyoitamka.

Jinsi mistari ilivyopangwa juu na chini iliamuliwa na bajaji. Huwa zinaegeshwa mbele ya ukuta ule mchana kutwa, na bajaji ina kimo cha meta 1.7 hivi. Kila kinachotakiwa kuonwa kutoka ng'ambo kilipaswa kukaa juu ya hapo. FUNDI SIMU ikakaa kati ya meta 2.4 na 2.1 kutoka chini, mstari wa pili ukaishia meta 1.72, na wa tatu ukawa chini yake, ambapo bajaji ikiwepo inauziba. Nilikubali hasara hiyo. Chini ya meta moja hatukuandika kitu: matope ya masika yanaruka, pikipiki zinaegemea, na nusu meta ya chini ya ukuta huu ina unyevu unaopanda na chumvi inayosukuma rangi itoke. Mzee aliipaka mkanda wa kijivu cheusi tu.

Kuhusu rangi, fundi ni Yanga damu, akataka herufi za kijani juu ya manjano. Nikamwonyesha kwa vipande viwili vya kadibodi kutoka ng'ambo: kijani kinameza kingo za herufi, nyeusi inazikata. Nyekundu ya jirani haikuwa chaguo, kwanza kwa sababu tungeonekana tawi la wakala, pili nyekundu ya bei ya kawaida huwahi kupauka kwa jua letu na kubaki waridi chafu. Tukakubaliana manjano isiyong'aa na herufi nyeusi. "Angalau nusu ya jezi," akasema.

Kwa nyuma tulitumia rangi ya maji, kwa herufi rangi ya mafuta. Nyuma ikiwa ya mafuta inang'aa, na jua la alasiri likiipiga kwa pembeni ukuta wote unakuwa kioo, hakuna kinachosomeka. Eneo ni meta za mraba 8 na kidogo, mikono miwili, na kopo la lita 4 lilibakiza. Nyeusi nusu lita ilitosha. Kabla ya hapo mzee alipitisha kiganja ukutani kikatoka cheupe kama amekanda unga, maana yake chokaa ya zamani inabanduka. Rangi yoyote juu yake ingeondoka nayo. Akakwangua kwa brashi ya waya, akaosha, akaacha pakauke, akapiga praima. Kama plasta ingekuwa mpya ningesubiri wiki nne, kwa sababu ukali wa saruji mbichi unaiharibu rangi ya mafuta.

Mistari alipiga kwa uzi uliopakwa chaki, na herufi zote zikachorwa kwa chaki kwanza. Nafasi hakuzipima kwa rula peke yake, kwani I mbili na U zikiachiwa sentimita zilezile sawasawa zinaonekana hazijakaa sawa. Alirudi nyuma, akatazama, akasogeza. Mimi nilishika karatasi na kusoma herufi moja moja kwa sauti, kutoka mwisho kwenda mwanzo, maana ukisoma kwa kawaida jicho linakutengenezea neno sahihi hata pale ambapo KIOO limekosa O moja.

Jaribio la mwisho ng'ambo lilikuwa lilelile, kumuuliza mpita njia pale wanafanya nini, si kumuuliza kama anasoma. "Fundi simu, vioo," alisema kijana mmoja, kisha akaonyesha kwa kidole kule kwenye kauchochoro, bila kuulizwa. Mshale ulikuwa unafanya kazi.

Usiku bado ni shida. Fundi hufunga saa tatu, na taa ya barabara iko mbali. Taa aliyoifunga juu kabisa karibu na ukuta inamwaga mwanga wote kwenye FUNDI SIMU na kuacha mistari ya chini gizani, halafu rangi ya mafuta inaakisi. Inabidi isogezwe mbele kwa mkono wa chuma wa karibu meta moja ili mwanga ushuke sawasawa. Mama mwenye fremu ameshakubali chuma kitobolewe ukutani, ila juu ya mstari wa kwanza.

Kava, chaja na protekta zimepata ubao mdogo wa kuning'iniza dirishani. Vitu hivyo hubadilika kila wiki, na ubao unatolewa jioni.